Sindano ya Septante

Mimi nilikuwa fundi wa vitu vizito, na nilijivunia. Ukiniletea turubai la lori lililochanwa na upepo, mkoba wa shule uliong'oka mikanda, au suruali ya jinsi iliyopasuka mahali pa aibu, ulikuwa umefika kwa mwenyewe. Nilishona kwa nguvu mpaka meza ikahama. Wenzangu pale kibandani, katika soko la Gitega, walisema nikikaa kwenye cherehani kila mtu ashike kikombe chake cha chai, la sivyo kitaishia miguuni.

Kibanda kilikuwa cha mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Muyinga aliyeolewa Gitega. Alikuwa amekwenda kuhiji, kwa hiyo soko zima lilimwita Hajati. Mimi ni mtoto wa wakulima. Nilizaliwa kambini Tanzania, nikasoma huko, kisha wazazi wakarudi nchini kwao, kulima Buraza na mimi nikarudi nao, mzima na mkubwa, na Kiswahili changu cha darasani. Hajati alinipenda na alinicheka.

"We unaongea kama redio," aliniambia siku ya kwanza. "Alo, redio, unajua kushona?"

Nikasema najua. Nilikuwa najua kuendesha cherehani, na hilo ni jambo jingine kabisa. Wiki hiyohiyo nilivunja sindano kumi kwenye turubai moja. Nilitumia sindano namba kumi na nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa imefungwa, nikakanyaga, nikavuta turubai kwa nyuma ili liende haraka. Sindano nyembamba ikiingia kwenye kitu kizito hupinda. Ncha yake ikipinda inakosa tundu la chini, inagonga bamba la chuma, na tak! Kipande kinapita karibu na jicho lako, nawe unabaki kumshukuru Mungu.

Hajati hakugomba. Alifungua kijikopo chake, akatoa sindano nene. "Hii iko ya bashi," akasema. Turubai wao wanaliita bashi. Kisha akatoa nyingine. "Hii iko ya jinsi." Akanionyesha kwamba na uzi nao una mambo yake. Sindano namba ikipanda, unene unapanda. Uzi namba ikipanda, unene unashuka. Uzi wa ishirini ni mnene, wa kushonea jinsi. Uzi wa sitini ni kama unywele. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza niliona aliyepanga namba hizo alikuwa na ugomvi na mafundi.

Na akanifundisha kipimo ambacho mpaka leo nakifanya nikiwa peke yangu, kwa furaha tu. Unatunga uzi kwenye sindano iliyo nje ya mashine, unaukaza uzi mikononi, mkono mmoja juu kidogo, mwingine chini. Sindano ikikwama juu, tundu ni dogo kwa uzi huo. Utauchuna uzi mpaka ukatike. Ikiporomoka mara moja, tundu ni kubwa mno. Ikiteremka yenyewe polepole, bila kusukumwa, hao wawili wameoana.

Baada ya hapo sikuvunja tena. Niliweka kumi na nane kwenye turubai, kumi na sita kwenye jinsi. Kwenye makutano ya mishono, pale jinsi inapokuwa na matabaka sita, niliyagonga kwa nyundo yakalala, nikazungusha gurudumu kwa mkono, pigo kwa pigo. Uzi mnene niliupitisha kwenye kipande cha mshumaa. Lo, nilikuwa hodari! Lakini nguo laini Hajati alishona mwenyewe, na sindano zote alinunua mwenyewe. Nikiomba angalau blauzi ya satini, alinitazama mikono akasema, "Hii mikono iko ya bashi, mwanangu." Iliniuma, sitaficha.

Kwa hiyo siku aliponituma mimi kununua sindano, nilitoka mbio.

"Enda dukani," alisema, "uniletee paketi ya septante. Kesho tunaenda Muyinga, wewe na mi. Mtoto wa marehemu dada yangu anaolewa."

Nikaitikia "Ndiyo, Hajati" kama mtu aliyeelewa. Kifaransa sikujua. Tanzania tulifundishwa Kiingereza, tena kwa fimbo. Nikiwa njiani nililipiga neno lile huku na huku mdomoni: septante, septanti, seventini. Aa! Seventini! Kumi na saba. Nilijiona mwerevu, nikacheka peke yangu. Na mbona ilikuwa na maana! Harusi ina vivuli, vivuli ni maturubai, na nani wa kushona maturubai zaidi yangu? Ndiyo sababu nachukuliwa mimi.

Muuzaji alinitazama. "Kumi na saba haiko," akasema. "Haijawahi kuwako. Iko kumi na sita, iko kumi na nane."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na simu nilikuwa nayo mfukoni. Lakini nimpigie Hajati nimwambie sijui septante ni nini, anicheke mbele ya kibanda kizima? Nikachukua paketi moja ya kumi na sita na moja ya kumi na nane. Niliwaza kwamba kumi na saba imelala katikati yao, basi ama huku ama kule nitaipata. Hajati alizipokea, akazitia kwenye mkoba bila kuzitazama. Hilo lilinishangaza kidogo, kwa sababu yeye hata kifungo alikikagua.

Tulifika Muyinga alasiri. Asubuhi yake ikawa Ijumaa, na ndoa ilikuwa Jumamosi. Nyumba ilijaa shangazi, sufuria na amri. Nikauliza turubai lilipo. Hajati akanishika mkono, akaniingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Alikuwemo bi harusi, msichana mpole mwenye macho makubwa, amekaa na bahasha ya kitambaa mapajani. Akaifungua.

Ilikuwa hariri. Nyeupe iliyoelekea kwenye maziwa, nyembamba hivi kwamba niliona vidole vyake kwa upande wa pili. Mama yake aliinunua akiwa mgonjwa tayari, akasema, hii binti yangu ataolewa nayo. Hakuishi kuiona ikishonwa. Ilikuwa mita chache tu, na Hajati alikuwa ameshaikata mwezi uliopita, mikono, mbele, nyuma, kila kipande kimekunjwa. Hakukuwa na nyingine. Ukiharibu kipande kimoja, umeharibu vyote.

"Mama alisema mama mudogo ndiye atashona," bi harusi aliniambia, "akanikatalia fundi mwingine."

Cherehani lilikuwa la jirani, mshona maturubai ya malori yaendayo Tanzania. Zito, limekazwa kila skrubu. Hajati akanipa sindano na uzi wa sitini alioufunga mwenyewe, akasema, "Nitungie we, mi natayarisha." Nikafunga ya kwanza niliyoishika, nene kama ilivyokuwa, maana nani angemfundisha Hajati mambo ya hariri? Akaketi, akaweka kipande cha mabaki, na namshukuru Mungu mpaka leo kwamba yule mama hakuanza kamwe bila mabaki. Akakanyaga.

Sauti yenyewe ilikuwa mbaya. Tup, tup, tup, kama mtu anayetoboa ngozi ya ngoma. Hariri ikajikunja pande zote mbili za mshono, ikawa na vijikunjo kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Katikati palikuwa na mstari wa matundu unaoweza kuchuja chai. Pembeni uzi mmoja wa kitambaa ulikuwa umekamatwa na ncha, ukavutwa, na ukaacha mchirizi unaong'aa hadi ukingoni.

Hajati akapapasa. "Uliniletea nini?"

Nikasoma paketi kwa sauti. "Mia na kumi, kumi na nane."

"Mi nilisema septante!"

"Ndiyo, Hajati. Seventini haikuwepo. Nikachukua kumi na sita na kumi na nane."

Bi harusi ndiye aliyeelewa kwanza. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Septante ni sabini," akasema. "Sabini! Paketi yake inaandikwa upande huu sabini, na upande huu kumi."

Yampayinka! Nilitamani sakafu inimeze. Namba zile mbili nilikuwa nimeziona miaka yote, na ile ya mbele sikuwahi kuihangaikia. Hajati hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande kilichotoboka, anakipapasa, anakipapasa. Hapo bi harusi naye akaacha kucheka.

"Nipeni saa moja," nikasema, na nikatoka mbio kabla ya kujibiwa.

Sijawahi kukimbia soko namna ile. Nilikwenda baraza moja hadi nyingine, kwa kila fundi aliyekuwa na cherehani nje. "Septante! Una septante?" Sasa neno lile nilikuwa nalijua vizuri sana. Wa kwanza alikuwa na kumi na sita. Wa pili kumi na nane. Wa tatu alinionyesha sindano nene ya kushonea magunia, akaniuliza kama itafaa. "Huku iko barabara ya Tanzania, dada," akasema. "Sisi tunashona bashi, jinsi na makoti ya kazi. Hariri nani atavaa kwenye vumbi?" Wa nne alinipa kumi na nne, nonante, yaani tisini, akaapa ndiyo nyembamba kuliko zote mjini. Ingekuwa shati la pamba ningeichukua na kumshukuru.

Nilikuwa nimeanza kuogopa. Hofu inanifanya mkali, na nilimgombeza mtu aliyenipitia karibu bila kosa lolote. Kisha nikamwona mama mmoja ameketi chini mbele ya khanga iliyotandazwa zipu, vifungo, lastiki na takataka nyingine za mafundi waliokufa au kuhama. Nilipiga magoti, nikachakura. Chini kabisa kulikuwa na paketi ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Sabini. Kumi. Nilipiga kelele mpaka yule mama akashtuka akashika mali yake.

Ndani zilikuwa tano. Nikazitoa moja moja juani. Ya kwanza ina kutu. Ya pili, kutu. Kutu kwenye hariri ni sawa na msumeno. Nilivua mtandio wangu wa nailoni nikaipitisha kila ncha juu yake. Nne zilinasa na kuchuna. Ya tano ikateleza bila kugusa chochote. Nikarudia, nikarudia, ikateleza. Nilikuwa na sindano moja. Niliichoma kwenye kola ya blauzi yangu, nikaivusha Muyinga yote nikiwa nimeifunika kwa kiganja.

"Moja tu?" Hajati aliuliza.

"Moja tu."

Akatunga uzi wa sitini kwa shida, mara tatu, na mimi nikajifanya sioni. Akaukaza, mkono mmoja juu kidogo. Sindano ikasimama kidogo, ikafikiri, ikaanza kuteremka polepole. Tukaangaliana tukacheka wote watatu.

Kisha tukalitengeneza lile cherehani la malori. Nililegeza uzi wa juu, nikalegeza kidogo skrubu ya bobini, maana uzi ukikazwa kwenye hariri unaivuta kama kamba ya mfuko. Nikapunguza mgandamizo wa mguu wa mashine. Nikafupisha hatua ya mshono. Hajati akaagiza karatasi laini iliyofungiwa viatu vya bi harusi dukani, tukaikata vipande virefu vya kuweka chini ya kitambaa, ili meno ya mashine yashike karatasi yasiitafune hariri. Kila kitu alikijua. Alikuwa anaamuru kwa furaha, na mimi nakimbia kwa furaha.

Akaketi. Akashona kwenye mabaki. Mshono ulikuwa laini, bila kijikunjo hata kimoja, na nikaanza kupiga vigelegele. Vikakatika katikati. Mshono haukunyooka. Ulikwenda, ukayumba, ukatoka nje ya ukingo. Akajaribu tena, ukayumba tena. Nyeupe juu ya nyeupe juu ya nyeupe. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, akatazama dirishani.

"Mi sioni," akasema. "Iko mwaka mzima sioni muzuri. Nilifikiri hii nitaiona."

Bi harusi akafunika mdomo. Mimi nikaelewa kwa nini paketi haikutazamwa. Hajati akainuka, akanisukumia kiti kwa goti.

"Kaa."

"Hajati, mikono yangu..."

"Kaa, nimesema. Alhamdulilahi, macho unayo."

Nikakaa. Niliwahi kushona maturubai mvua ikininyeshea mgongoni, dereva akipiga honi kunihimiza, wala sikutetemeka. Siku ile nilifuta viganja kwenye nguo yangu mara mbili. Nikaweka karatasi, nikaweka hariri juu yake, mama wa mtu, maana ndivyo nilivyoiona, nikashika ncha mbili za uzi nyuma ili mashine isizimeze. Nikakanyaga polepole.

Mikono ilitaka kuvuta. Miaka yote niliifundisha kuvuta, na sasa naiambia: shika tu, nyoosha mbele na nyuma, mwache aende mwenyewe. Ubavu wa kwanza ukaisha. Sikurudi nyuma kufunga. Niliacha nyuzi ndefu, nikazifunga fundo kwa mkono. Bega moja. Bega la pili. Hajati alisimama nyuma yangu anasikiliza mashine tu, na kila nilipokimbia alinigusa bega.

Katikati ya ubavu wa pili mkono wangu wa kushoto ukasahau. Ukavuta, kidogo tu, na nikasikia tik.

Wote tulisikia. Niliondoa miguu. Nikazungusha gurudumu taratibu mpaka sindano ikapanda. Ilikuwepo, nzima. Niliinyanyua hariri, nikaiweka kando uzi ukiwa bado umeshika, nikapitisha mtandio chini ya ncha. Ukateleza. Nikapitisha tena. Ukateleza. Kumbe iligusa bamba kwa ubavu tu, haikulipiga kwa ncha. Nilitokwa na machozi nikiwa nacheka, na bi harusi akanifuta kwa khanga yake yasije yakadondokea nguo.

Sehemu iliyobaki niliishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kama kwenye makutano ya jinsi, tundu kwa tundu. Ilichukua muda mrefu mno, na sikutaka iishe. Nilikuwa nimelewa kwa kule kuona mshono ukitoka, mdogo, sawasawa, kitambaa kimelala kana kwamba hakijaguswa. Huko nje adhana ya Ijumaa ikaita na kumalizika, shangazi wakagonga mlango, tukawafukuza.

Tukachana karatasi polepole kutoka chini ya mishono. Bi harusi akapitisha pasi ya uvuguvugu kwa ndani, juu ya kitambaa cha pamba. Kisha akalivaa gauni, akasimama katikati ya chumba. Nilimzunguka tu, nikamzunguka tena.

Hajati alisogea. Akaanza kumpapasa binti wa dada yake kuanzia kwapani, taratibu, kwa ncha za vidole, akishuka ubavuni hadi nyongani. Akasimama. Akarudi juu, akashuka tena. Uso ukamkunjamana.

"Huku hukushona," akasema. "Ulisahau huku."

"Nimeshona, Hajati."

"Iko wapi?"

Bi harusi akamshika kidole, akakiweka juu ya mshono, akakiteremsha nao polepole mpaka chini. "Njo hii, mama mudogo. Uko juu yake."

Hajati akainama, akaweka shavu lake pale ubavuni, akafumba macho.

"Apana," akasema, akanishika ile mikono ya bashi. "Mi siisikii."